Kinywa Kikifunguka, Kabila Hujulikana?

Kila wanafunzi wageni wanapowasili katika shule ya bweni kama yetu, huwa kuna mchezo ambao hauna jina wala refa. Mgeni huambiwa aseme sentensi moja tu, kwa mfano "Baba amelala garini", na wenyeji humkodolea macho wakisubiri. Akisema "Mbaba amerara ngarini", kicheko kinapasuka na anapewa kabila papo hapo. Akisema "Paba amelala karini", kicheko ni kile kile ila kabila ni jingine. Akiulizwa kuhusu shamba la babake naye akajibu "samba", basi hata haulizwi jina.

Nimeonelea nichukue kalamu nieleze mchezo huu unavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba anayesema "ngari" ni mzembe au hakusoma. Sivyo hata kidogo. Na tena, yapo mahali hapa nchini ambapo mchezo uo huo ulichezwa barabarani, na hapakuwa na mtu aliyecheka. Nitafika huko.

Tuanze na zile sauti tulizofundishwa darasani. Mwalimu alituambia kwamba /b/ ni kipasuo ghuna cha midomo na /p/ ni ndugu yake asiye na ghuna. Tukakariri, tukapita mtihani, tukasahau. Lakini lugha zetu za nyumbani hazikukariri orodha hiyo. Kila lugha ina ghala lake la sauti, na mtoto huanza kulizoea mapema sana. Mtoto mchanga huweza kutofautisha sauti za lugha nyingi, hata zile asizozisikia nyumbani, lakini kabla ya kutimiza mwaka 1 au hivi, sikio lake linaanza kujifunga na kushika zile tu zinazotumiwa na mamake na majirani. Akija kujifunza Kiswahili baadaye, hujenga kwa mawe aliyonayo.

Chukua Kikuyu, lugha ya mamangu. Kikuyu kina mb, nd na ng, kama katika Kiswahili mbuzi, ndizi na ngoma. Lakini /b/ tupu, /d/ tupu na /g/ tupu, zisizotanguliwa na king'ong'o, hazimo katika ghala hilo. (Ile "b" unayoiona katika maandishi ya Kikuyu hutamkwa kwa midomo iliyokaribiana bila kufungana, upepo ukipita katikati, si ile ya "baba".) Sasa mtu huyu akitaka kusema "baba", "duka" na "gari", anatafuta ghalani sauti iliyo karibu zaidi na anapata mb, nd, ng. Ndipo tunasikia "mbaba", "nduka", "ngari". Huoni kwamba anafuata kanuni? Hakosei ovyo ovyo. Ukiijua kanuni, waweza kutabiri neno ambalo hujawahi kumsikia akilisema.

Wakalenjin nao wana kanuni yao. Katika lugha yao, ghuna na sighuna hazitenganishi maneno. Hakuna neno linalogeuka maana kwa sababu umesema /b/ mahali pa /p/. Vipasuo vyao mwanzoni mwa neno huwa sighuna, na vikikaa kati ya irabu mbili hupata ghuna kidogo. Kwa hiyo "duka" linaanza kama "tuka" na "gari" kama "kari", lakini "kuku" huenda akasikika "kugu", na "baba" akawa "paba", yaani /b/ ya kwanza imepoteza ghuna na ya pili imebaki nayo. Ndiyo maana wale wanaoigiza Wakalenjin kwa kugeuza kila /b/ kuwa /p/ hawajasikiliza vizuri.

Na Wajaluo? Dholuo hakina /sh/ wala /z/. Kina /s/. Basi "shule" inakuwa "sule" na "zaidi" inakuwa "saidi". Sisi tunaocheka hapa tusisahau kwamba Dholuo hutenganisha /t/ ya meno na /t/ ya ufizi, na wengi wetu hata tukielekezwa hatuisikii tofauti hiyo. Tukienda Kisumu kusema Dholuo, wachekaji watakuwa wao.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliona tamu kuliko haya yote. Mtu akichekwa sana anaanza kujirekebisha, na anaporekebisha anapita mpaka. Mkikuyu aliyeambiwa mara mia aache kuweka king'ong'o katika "baba" anaanza kukiondoa hata mahali kinapohitajika, na mbuzi anakuwa "buzi", ndizi inakuwa "dizi". Mjaluo aliyechoshwa na kicheko cha "samba" anaweza kuanza kusema "shasha hivi". Makosa haya hayatoki moja kwa moja katika lugha ya mama, kwa maana Kikuyu kina "mb" safi kabisa na Dholuo kina /s/ safi kabisa. Yanatoka katika hofu. Ukimsikia mtu akisema "buzi", ujue kwamba huyo amekwisha kuchekwa mahali fulani.

Kwa hivyo lafudhi ni kitu cha ajabu. Maneno mtu huyachagua, lakini lafudhi humtoka yenyewe kama jasho. Naamini ndiyo sababu wasikilizaji huiamini kuliko maelezo ya mwenyewe. Mtu aweza kukwambia, "Mimi ni wa Nairobi tu," nawe ukatikisa kichwa kwa adabu huku moyoni umeshampeleka Kericho au Siaya.

Lakini je, sikio hilo linafaa kuaminiwa? Hapa nitajitoa mimi mwenyewe kama mfano. Babangu ni Mkisii na mamangu, kama nilivyosema, ni Mkikuyu. Tunaishi Nakuru. Ekegusii kina /r/ na hakina /l/. Kikuyu vilevile. Nyumbani kwetu basi bibi wa upande huu na bibi wa upande ule, ambao hawajui lugha ya mwenzake hata salamu, wote husema "enda ukarare". Mtu akisikia "rara" na kukata shauri kwamba huyu ni wa Nyeri, huenda anazungumza na mtu wa Nyamira. Waembu pia wamo humo. Vivyo hivyo, mtu wa Bungoma aweza kusema "kari" kama wa Eldoret, kwa sababu Kibukusu nacho hakina /g/ tupu, ingawa njia iliyomfikisha hapo ni tofauti kabisa na ya Kikalenjin. Dalili moja haitoshi. Kinachosaliti kabila, kama kinasaliti, ni mkusanyiko wa dalili pamoja na kiimbo, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka, na hilo ni gumu kulieleza katika karatasi.

Zaidi ya hayo, lafudhi huvaliwa. Wazazi wetu wanamkumbuka Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, aliyefariki dunia mwaka 2015. Kwa miaka mingi aliwachekesha Wakenya kwa Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo, na wako wengi waliokula yamini kwamba ni Mjaluo halisi. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Taifa zima lilisikiliza kwa makini wiki baada ya wiki na likadanganyika kwa furaha.

Usidhani pia kwamba ukiondoa lafudhi ya lugha ya mama basi umekuwa huna kwenu. Nenda Mombasa na Kiswahili chako sanifu chenye alama ya A. Wenyeji watakujibu kwa heshima, na watajua wewe ni mtu wa bara kabla hujamaliza salamu. Kiswahili sanifu tunachofundishwa kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, baada ya uamuzi uliofanywa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika, jambo la kuchekesha, hapo hapo Mombasa. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa nje ya vitabu vya shule. Mmvita husema "nti" pale unaposema "nchi", husema "jito" kwa "jicho", "mtele" kwa "mchele" na "ndia" kwa "njia". Akikuita "Ndoo hapa!" usiende kuleta chombo cha maji, amekwambia njoo. Ukifika Lamu, Waamu nao watakupa "mai" unywe badala ya "maji".

Tena kuna tofauti ambazo herufi zetu hazionyeshi. Mwenyeji wa pwani hutamka k ya "kaa", yule mnyama wa baharini, kwa pumzi, na k ya "kaa" la moto bila pumzi. Kadhalika "paa" wa porini na "paa" la nyumba. Sisi wa bara tunazisoma zote sawa kwa sababu tulizipata kitabuni, na kitabu hakipumui. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Mswahili wa Mombasa anakijua Kiswahili sanifu vizuri tu; alikisoma shuleni kama wewe. Akiwa na mgeni hukitumia. Akigeuka kumsemesha jirani yake anarudi kwenye "nti" na "ndia", na kwa neno hilo moja jirani ameambiwa: wewe na mimi ni wa hapa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo walimu wetu wa isimujamii huliita kuhamisha msimbo. Lafudhi hutuponyoka, lakini lugha tunayoichagua tumeishika mkononi, na tunaicheza kama karata. Nitaeleza kwa kisa cha sokoni, kwa sababu nimekishuhudia mara nyingi nikiwa na mama, naye hajui kwamba nilikuwa nikimsikiliza kwa ajili ya gazeti la Chama cha Kiswahili.

Mama akifika kwa mwuza viazi humsalimu kwa Kiswahili: "Habari ya leo, mama? Debe ni pesa ngapi?" Mwuzaji anajibu, "Debe ni mia nane, mama. Ama uchukue ngunia nzima." Mama amesikia "ngunia". Sentensi inayofuata anaisema kwa Kikuyu. Hasemi lolote kubwa. Anauliza tu viazi vimetoka shamba la wapi na mvua ilikuwaje huko. Lakini hebu tazama alichofanya. Alipokuwa akisema Kiswahili alikuwa mteja kama wateja wote, na bei ilikuwa ya watu wote. Alipohamia Kikuyu ameleta udugu mezani, na ndugu hauzii ndugu kwa bei ya mgeni. Sasa mwuzaji ana njia mbili. Akijibu kwa Kikuyu ameukubali udugu, na debe litashuka hadi mia saba au hata chini. Akitaka kukataa hana haja ya kugombana. Hurudi tu kwenye Kiswahili: "Hiyo bei haitoki, mama, hata mimi nimenunua." Kiswahili kimefunga mlango taratibu bila tusi. Mama huelewa. Hulipa mia nane, au huenda meza ya pili.

Na baba akiwa amesimama pale na kikapu, je? Yeye hasikii Kikuyu ila maneno mawili matatu. Mazungumzo yakirefuka huanza kukohoa, na mama humgeukia kwa Kiswahili na kumweleza. Mwuzaji akitambua kwamba baba si wa kwao, wakati mwingine bei hupanda tena! Siku hizi baba hubaki kwenye gari.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa kina. Carol Myers-Scotton, Mmarekani aliyefanya utafiti mwingi hapa Kenya na kuchapisha kitabu chake kuhusu uhamishaji msimbo barani Afrika mwaka 1993, ana kisa kutoka baa moja ya mashambani Magharibi. Mkulima anamwomba pesa mtu wa kwao mwenye kazi ya mshahara, na anamwomba kwa lugha yao ya Kiluhya. Yule mwenye mshahara anamjibu kwamba naye ana shamba lake, na anasema hayo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Maana ya maneno ni ile ile, lakini kwa kuacha lugha ya kwao amejiondoa katika udugu ule uliokuwa ukimdai pesa. Hoja ya mtaalamu huyu ni kwamba kila lugha katika jamii huja na haki na wajibu wake. Ukiichagua lugha, umechagua pia unadaiwa nini na unadai nini.

Sheng nayo imeingia hapo hapo. Walimu, mtanisamehe, najua ni neno linalowapandisha presha. Lakini ilikua katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kama Kaloleni, ambako watoto wa Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Kikuyu walicheza uwanja mmoja. Lugha ya mama ya yeyote kati yao ingewafungia wengine nje, na Kiswahili cha darasani kilinuka darasa. Wakajifanyia yao, wakichukua sarufi ya Kiswahili na maneno ya kila upande. Kijana anayezungumza Sheng anamwambia mwenzake: usiniulize kabila, niulize mtaa. Na kweli Sheng huonyesha mtaa, kwani neno la Dandora silo la Kibera, na lile la mwaka jana limeshachacha. Ila haifichi kila kitu, maana mtu aweza kutupa maneno yote ya mtaa na bado /l/ ikamtoka kama /r/.

Sasa ule mchezo. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 12, Wagileadi waliteka vivuko vya mto Yordani baada ya vita na Waefraimu. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa aseme "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kutamka /sh/ hiyo, wakasema "Sibolethi", wakauawa, na kitabu kinataja watu 42,000. Ni /sh/ na /s/, sauti zile zile tunazochekea bwenini.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 hapa Kenya, na Nakuru yetu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia, hasa mwishoni mwa Januari 2008. Mimi sikuwa nimezaliwa. Wazazi wangu wanasimulia kwamba vijana walifunga barabara kwa mawe na magogo, wakasimamisha magari na kudai vitambulisho, kwa sababu jina hutaja kabila. Asiyekuwa na kitambulisho aliambiwa aseme kitu. Wengine walisemeshwa kwa lugha ya wenye kizuizi ili waonekane kama watajibu.

Baba yangu alikuwa akitoka Naivasha na rafiki yake, dereva wa lori. Kwenye kizuizi kimoja walisemeshwa kwa Kikuyu. Dereva, Mkamba, alijibu. Kikamba na Kikuyu ni lugha jirani sana, na alikuwa amebeba mizigo Gikomba miaka mingi, basi alijua kusema ya kutosha. Baba alinyamaza. Asingeweza kusema, na hata Kiswahili alikiogopa, ingawa ukifikiria vizuri /r/ yake pale ingemsaidia badala ya kumdhuru. Dereva aliwaambia kwamba mwenzake ana meno mabovu, hawezi kufungua kinywa. Wakaachwa wapite. Kilomita chache mbele kulikuwa na kizuizi kingine, cha vijana wa kabila lingine, na hapo Kikuyu kile kile kilichowaokoa kingewaua. Dereva akasema Kiswahili tena, polepole, neno kwa neno.

Mpaka leo mama akipanda matatu ya kwenda mbali huanza na Kiswahili, na hukaa nacho hadi jirani yake aseme kitu na ajue amekaa na nani. Nilimwuliza kama bado anaogopa. Akasema haogopi, amezoea tu. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, husalimu kwa Kiswahili hata pale kwa mwuza viazi, na mwuzaji naye hujibu kwa Kiswahili, ingawa wanajuana miaka mingi na bei wanaijua wote wawili.